Mwendo wa Kondoa wa 1916 ulikuwa kosa la hesabu

Wiki hii nimesikia tena mchambuzi mmoja redioni akiusifu mwendo wa Jenerali van Deventer kutoka Arusha hadi Kondoa Irangi, Aprili 1916, kwamba ni mfano wa ujasiri na kasi. Kila mwaka sifa hizi zinarudi, na kila mwaka zinatolewa na watu wanaotazama mshale uliochorwa kwenye ramani bila kuuliza aliye kwenye ncha ya mshale ule alikula nini. Mimi nasema uamuzi wa Jan Smuts wa kumtuma van Deventer Kondoa ulikuwa kosa. Haukuwa bahati mbaya wala mchezo wa hali ya hewa. Lilikuwa kosa ambalo karani yeyote wa stoo angeligundua kwa kalamu na karatasi.

Mwanzo wa vita mnaujua. Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza Februari 1916, akapita Latema na Reata kwa taabu mwezi Machi, akaingia Moshi, akawasukuma Wajerumani kutoka Kahe. Hiyo ilikuwa kazi nzuri. Tatizo ni kilichofuata. Masika yalikuwa yanaanza, reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Voi ilikuwa na uhai wake wote upande wa Kilimanjaro, na kila kitu kilichokwenda mbele yake kilikwenda kwa gari la ng'ombe, kwa lori au kwa kichwa cha mpagazi. Hapo ndipo Smuts alipoamua kwamba divisheni ya pili isingoje. Tarehe 3 Aprili askari wapatao 1,200 wa kupanda farasi, wengi wao Makaburu, waliondoka Arusha kuelekea kusini.

Alikuwa na sababu zake, na ni haki kuzitaja. Aliambiwa kwamba mvua kubwa hunyesha kuzunguka Kilimanjaro na Arusha, na kwamba ukienda magharibi na kusini hali huwa nafuu. Tena alitaka kuitishia Reli ya Kati pale Dodoma ili kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alazimike kuligawa jeshi lake. Sababu ya pili ni ya kijeshi na naiheshimu. Ya kwanza ilikuwa tetesi, na jenerali hapeleki watu zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenye reli kwa kutegemea tetesi ya mvua.

Dalili ya kwanza ilionekana mapema, kwenye kilima cha Lolkisale. Wajerumani walikuwa wamekikalia, na maji yote ya eneo lile yalikuwa mikononi mwao. Farasi wa van Deventer na watu wao walikaa bila maji hadi kilima kilipoanguka. Walishinda, wakateka kombania nzima, na ushindi ule ndio unaowadanganya wachambuzi mpaka leo. Lolkisale ilitakiwa kusomwa kama onyo: siku tatu tu baada ya kuondoka Arusha, na tayari kikosi kinapigana ili kipate maji ya kunywa. Amri ya kusimama ilipaswa kutolewa pale pale. Haikutolewa.

Van Deventer aliingia Kondoa tarehe 19 Aprili. Farasi walikuwa wamekufa kwa mamia njiani, kwa uchovu, kwa njaa na kwa maradhi ya farasi, na waliosalia hawakuweza tena kufukuza adui yeyote. Nyuma yake mvua zikafunga. Udongo mweusi ukayameza malori, magari ya ng'ombe yakazama hadi kwenye ekseli, na ndorobo wakawamaliza ng'ombe waliokuwa wakiyavuta. Kikabaki kichwa cha mpagazi. Kwa wiki kadhaa mizigo ilibebwa na watu kutoka Lolkisale hadi Kondoa, maili 120, yaani kilomita 190 na zaidi.

Sasa naomba msomaji akae na mimi kwenye hesabu, maana kesi yote iko hapa. Mpagazi wa jeshi alibeba kama kilo 25. Yeye mwenyewe anahitaji kama kilo moja ya unga kwa siku, na kwenye tope hapati zaidi ya kilomita 20 kwa siku. Kutoka Lolkisale hadi Kondoa ni siku 10, kurudi ni siku 10 nyingine. Atakula kilo 20. Kati ya kilo 25 alizotoka nazo, zinazobaki kwa ajili ya askari wa Kondoa ni tano tu, na atazileta mara moja katika siku 20. Ukizigawa, mpagazi mmoja analeta robo kilo kwa siku. Kumlisha askari mmoja kilo moja ya chakula kunataka wapagazi wanne wasioumwa, wasiotoroka na wasiokufa.

Hapo sijamgusa farasi. Farasi anayefanya kazi anataka kilo nne hadi tano za nafaka kwa siku, mbali na majani. Kwa njia ile ile ni wapagazi 18 kwa farasi mmoja. Kwa farasi 1,200 ni wapagazi zaidi ya 21,000 wanaotembea mchana kutwa ili wanyama wasimame wima. Hakuna aliyekuwa na wapagazi wa idadi hiyo kwenye njia ya Kondoa, wala hakuna ambaye angeweza kuwapata. Kwa hiyo kikosi cha farasi kilikuwa kimekufa kwenye karatasi kabla hakijafa porini. Kuwagawa wapagazi kwa vituo, huyu akabidhi mzigo kwa yule, hakubadilishi kitu. Umbali ni ule ule, na matumbo ni yale yale.

Watetezi wa Smuts watasema jeshi lilitakiwa kula vya pale pale. Lilikula. Askari wa Kondoa waliishi kwa mahindi, karanga na mapapai ya wenyeji. Ila jeshi linalokula ghala la kijiji linakula mara moja tu, halafu linabaki katikati ya watu wenye njaa. Na unga wa mahindi wenyewe ulikuwa na madhara yake. Ulisagwa vibaya, ulipikwa kwenye mvua kwa kuni mbichi, ukaliwa na watu ambao wengine kwao chakula ni ndizi au wali. Watu waliharisha damu. Kuhara kuliwaua wapagazi wengi kuliko risasi, na ofisa yeyote wa ugavi angeweza kuona mambo yanakoelekea kwa kutazama vyungu vya jioni: unga ukiliwa nusu mbichi leo, wiki ijayo mizigo itakosa wabebaji.

Lettow alikwenda Kondoa kama ilivyotarajiwa, na usiku wa tarehe 9 Mei akashambulia. Vijana wa van Deventer walijilinda vizuri sana. Lakini angalia nani alikuwa karibu na ghala lake. Lettow alikuwa na reli Dodoma, umbali unaotembeka kwa siku chache, akawahamisha askari wake kwa treni na baadaye akawarudisha alipotaka. Van Deventer hakuweza kumfuata hata hatua moja. Alifika Dodoma mwishoni mwa Julai, zaidi ya miezi mitatu tangu aingie Kondoa. Mtu aliyengoja Arusha hadi mwisho wa Mei, akaondoka na farasi walioshiba kwenye barabara iliyokauka, angefika Dodoma wakati ule ule au mapema zaidi, akiwa na jeshi la kupigana.

Huwa naambiwa kwamba nina kisirani na majenerali wa farasi. Kweli ninacho, kwa sababu nchi hii ilikuwa na mabingwa wa safari kabla yao, na hakuna aliyewauliza. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alibeba frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na misafara ya mamia ya watu ilifika. Ilifika kwa sababu haikubeba chakula chake chote. Ilibeba nguo na shanga, ikanunua posho kituo kwa kituo kwa watu waliokuwa na ziada, kila mpagazi akapimiwa kibaba chake, na hongo ililipwa Ugogo ili visima vibaki wazi. Wanyamwezi walisafiri zaidi kiangazi na kurudi kwao kulima mvua zikikaribia. Kondoa Irangi yenyewe ulikuwa mji wa misafara. Wazee wa pale walijua ni mwezi gani watu hutembea na ni mwezi gani hukaa, na jibu lao lingepatikana bila gharama yoyote.

Na kama mtu anataka mfano wa karibu zaidi, atazame JWTZ mwaka 1978 na 1979. Baada ya Amin kulivunja daraja la Kyaka, jeshi halikukimbilia Kampala kwa hasira. Daraja la muda lilitandikwa Kagera, malori na mabasi ya raia yakakusanywa kutoka nchi nzima kubeba watu na risasi, Mutukula ikatekwa Januari, na Masaka ikafuata mwishoni mwa Februari. Polepole kwa macho ya anayependa mishale, lakini Aprili waliingia Kampala wakiwa na mizinga na risasi za kuitumia.

Smuts hakujifunza. Agosti 26 alifika Morogoro, na badala ya kukaa kwenye Reli ya Kati aitengeneze, aliwasukuma watu wake kuizunguka milima ya Uluguru hadi Kisaki na Mgeta, tena mbali na reli, tena kuelekea mvua. Wanyama wakafa kwa maelfu, na kabla ya mwaka kwisha maelfu ya askari wa Afrika Kusini walirudishwa kwao wagonjwa. Januari 1917 akaondoka na kutangaza London kwamba vita vimekaribia kwisha. Viliendelea hadi Novemba 1918.

Wala simsafishi Lettow, ambaye naye sifa zake zimezidi kipimo. Askari wake walikula kwa kunyang'anya, na wa Waingereza vilevile. Ugogo ilinyang'anywa nafaka, ng'ombe na vijana wake na pande zote mbili, kisha mvua ikakosekana, na ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000.

Kwa hiyo mchambuzi wa redio namwomba jambo moja tu. Akirudia kuisifu safari ya Kondoa, atuambie kwanza hao wapagazi 21,000 wangetoka wapi na wangekula nini. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile, kwa makadirio, ni zaidi ya 90,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi.