Kiambishi Kinachompeleka Mgombea Kortini

Kila msimu wa uchaguzi nchini Kenya, posti inayosifiwa sana huwa ndiyo mbovu kuliko zote. Vijana wa mitandao huiita kali, huijazia alama za moto, na aliyeiandika huanza kuitwa mtaalamu kabla jua halijatua. Tuseme ni kinyang'anyiro cha ugavana na posti yenyewe ni hii: "Wamekula milioni 40 za soko letu. Mwaka huu tunawafagia!" Mkongwe wa kuhariri posti za kampeni akiisoma, tumbo humkata. Na kinachomtia hofu si ule ulaji.

Asiyejua kazi hukagua matusi tu. Pengine ameshika ile orodha ya Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Aprili 2022, yenye madoadoa, kwekwe na mende. Asipoyaona maneno hayo, anatuma. Orodha ina kazi yake. Januari mwaka huohuo Mithika Linturi, seneta wa Meru wakati huo, alikamatwa baada ya kutamka madoadoa jukwaani Eldoret, mji ambao viungani mwake kanisa la Kiambaa liliteketezwa na watu ndani, Januari 2008. Aliomba radhi. Lakini posti yetu haina hata neno moja la orodha, na bado ni bomu.

Bomu limo katika silabi moja: wa-. Wamekula akina nani? Mwandishi alimaanisha gavana na mawaziri wake wawili wa kaunti. Msomaji wa mtaa wa pili, ambaye si wa kabila la gavana, anasoma kabila zima. Halafu wa- ileile inarudi ndani ya "tunawafagia", sasa ikiwa upande wa kutendwa, na kufagia hakuchagui takataka. Hapo ndipo kifungu cha 13 cha sheria ya uwiano ya mwaka 2008 kinapoingia: faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kuwabana wachache kwa "wa-" isiyotajwa jina nako hakumwokoi mtu na kesi ya kashfa. Wasomaji wakimtambua mlengwa, hata bila jina lake, anaweza kushtaki. Na kundi likiwa dogo kama hao watatu, kila mmoja wao anaweza kudai ni yeye aliyesemwa.

Matapeli wa fani wana dawa zao. Mmoja hutanguliza "inasemekana" kila mahali kama chumvi, hali mahakama humhesabu anayerudia uvumi sawa na aliyeuanzisha. Mwingine huweka alama ya kuuliza: "Je, huyu si mwizi?" Wa tatu huifuta posti baada ya saa moja, kana kwamba skrinishoti hazijagunduliwa.

Enzi za vipeperushi vya River Road mambo yalikwenda taratibu zaidi. Mpangaji wa herufi alikuwa mzee mwenye miwani, na kati ya rasimu na karatasi kulikuwa na usiku mzima wa kujuta. Mhariri mmoja aliyelelewa na mashine zile bado huchapisha kila posti kwenye karatasi, akazungushia kalamu nyekundu kila kitenzi na kuandika pembeni: nani? Kitenzi kisichojibu hukatwa. Methali pia huzikata zote bila maelezo, na alama ya mshangao kwake ni ushahidi wa ulevi.

Posti ya soko alianza kuitibu kwa kuomba ripoti yenyewe ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Haikusema mtu ameiba. Ilisema malipo ya shilingi milioni 40 hayakuwa na stakabadhi za kuyathibitisha, na kati ya maneno hayo na "wamekula" pana shimo la kumeza kampeni nzima, maana mshtakiwa ndiye anayetakiwa kuthibitisha ukweli wa alichoandika. Basi ikatoka hivi: "Mkaguzi Mkuu anasema malipo ya shilingi milioni 40 za soko hayana stakabadhi. Ukurasa wenyewe huu hapa. Kwa maoni yangu, ofisi ya gavana imesimamia vibaya mradi huu. Nikichaguliwa, stakabadhi za kila malipo zitabandikwa sokoni."

Ukweli umesimama kwanza, na chanzo chake kikiwa wazi. Maoni yamefuata, yakiitwa maoni na kuegemea ukweli huohuo. Anayelaumiwa ni ofisi moja inayojulikana. Wa- imetoweka. Vijana waliiona baridi, wakataka angalau moto mmoja. Hawakupewa.

Ripoti, rasimu zote na skrinishoti yenye saa ya kutumwa huingia kwenye faili la kijani juu ya kabati lake. Hukaa humo miezi 12, kwa kuwa kesi ya kashfa nchini Kenya sharti ifunguliwe ndani ya muda huo. Uchaguzi huwa umekwisha kitambo, mgombea ameshaapishwa au amerudi shambani, na faili bado liko juu ya kabati likishika vumbi.