Orodha ya Mizigo ya Wiki Moja: Jinsi ya Kuijua Iliyo Bora

Mpe mtu mwingine orodha yako pamoja na sanduku tupu. Akipanga mizigo bila kukuuliza lolote, orodha hiyo ni nzuri. Mstari ulioandikwa "nguo" utamkwamisha, lakini "mashati 4, sanduku kubwa" anauelewa, kwa kuwa unataja kitu, idadi yake na mahali pa kukiweka.

Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Kigali, yenye vikao Jumatatu hadi Ijumaa. Kwenye nguo, idadi ipatikane kwa kuhesabu pamoja na dobi. Ukifulisha mashati ya Jumatatu na Jumanne hotelini Jumatano asubuhi, manne yanatosha: la tatu unalivaa siku hiyo, na la nne linakufikisha Alhamisi hata dobi akichelewa. Suruali ziwe 2. Koti na viatu vya kazini safiri navyo mwilini. Sweta isisahaulike, kwani Kigali iko kama mita 1,500 juu ya bahari na jioni zake zina ubaridi. Viatu vya akiba vifunge kwa mfuko wa kitambaa, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008.

Kwenye nyaraka, kipimo changu ni tarehe. "Pasipoti" peke yake ni mstari dhaifu. Andika "pasipoti, hai miezi 6 baada ya kurudi", na mstari huo usomwe wiki kadhaa kabla ya safari, wakati bado kuna nafasi ya kuomba mpya. Safari ikiendelea hadi Uganda, ongeza cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, hivyo kukikumbuka usiku wa kuamkia safari hakusaidii kitu. Nyaraka zote zikae kwenye begi la mkononi.

Vifaa vya umeme ndivyo vinavyoumbua orodha iliyonakiliwa kutoka safari nyingine. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za Kigali, ambazo ni za matundu ya mviringo, kwa hiyo adapta iwe na mstari wake. Pawabenki nayo haipakiwi kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto huko hakuna wa kuufikia upesi. Kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika ni 100 Wh. Ya 20,000 mAh yenye volti 3.7 hutoa 74 Wh, kwa hiyo inapita.

Chaja ya simu, miwani na dawa hutumika hadi asubuhi ya safari. Viandike mwishoni, mbali na makundi mengine, na uweke alama kitu kikishaingia begini, si kikiwa bado kitandani.