Fuata P kwa ukingo wa karatasi

Ukipewa ECG ya mgonjwa ambaye moyo wake unapiga polepole, usikimbilie kuutaja ugonjwa. Hakikisha kwanza mashine ilichapa kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, kwa kuwa hapo kisanduku kidogo ni sekunde 0.04. Kisha weka ukingo wa karatasi tupu juu ya mstari mrefu wa chini, utie alama kwenye mawimbi mawili ya P yanayoonekana vizuri, halafu usogeze karatasi mbele. Pale alama inapoangukia juu ya T au QRS, chunguza: mara nyingi P imejificha humo. Msomaji mzuri hutambulika hapa.

Kiwango cha kwanza cha kizuizi cha moyo hakisumbui. Kila P inafuatwa na QRS, ila umbali kati yao, yaani PR, unapita visanduku vitano. Asiye na dalili huwa hahitaji zaidi ya kuangaliwa dawa anazotumia, hasa atenololi na digoksini.

Ugumu uko kati ya kiwango cha pili na cha tatu. Tuseme mama mzee wa Soweto West, Kibera, amefikishwa kliniki baada ya kuzirai. P zake zinakuja kila visanduku 20, sawa na 75 kwa dakika. QRS ni pana na zinakuja kila visanduku 45, yaani 33 kwa dakika. Pima PR kabla ya kila QRS: 8, kisha 13, kisha 18. Aliyezoea kukariri atasema ni Wenkebaki, aina ya kiwango cha pili ambamo PR hurefuka mpaka pigo moja likose. Lakini Wenkebaki huvuruga nafasi kati ya QRS, pigo likikosa pengo linabaki. Hapa QRS hazikupotea hata kidogo kwenye mpangilio wao, na PR inayofuata ni 3. P na QRS kila moja inakwenda kwa saa yake. Hiki ni kiwango cha tatu, na mama huyu hana budi kupelekwa hospitali kubwa kama Kenyatta bila kuchelewa, kwa kuwa anaweza kuhitaji betri ya moyo.

Aina nyingine ya kiwango cha pili, Mobitsi ya pili, ndiyo ninayoiogopa kwa jinsi inavyoonekana ya kawaida. PR haibadiliki hata kisanduku, kisha ghafla P moja inabaki bila QRS. Inaweza kuruka hadi kiwango cha tatu bila onyo, kwa hiyo nayo ni ya kupelekwa. Ila kabla ya kuitaja, angalia kama P hiyo imewahi kuliko wenzake: iliyowahi inaweza kukosa QRS hata kwenye moyo usio na kizuizi.

Na kukiwa na P mbili kwa kila QRS moja, mfululizo, hakuna P mbili mfululizo zilizofuatwa na QRS ili ulinganishe PR zao. Usibahatishe aina, andika mbili kwa moja, uchape mstari mrefu zaidi.