Darasa la Jioni Linakungoja

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba unaogopa kuanza upya. Huanzi upya. Uliacha shule ukiwa kidato cha tatu, na mtihani wa kidato cha pili ulikwishaufaulu, kwa hiyo hulazimiki kufanya ule mtihani wa maarifa tunaouita QT. Huo ni wa wasiofika hapo; wakiufaulu ndipo husajiliwa kwa kidato cha nne. Wewe utajisajili moja kwa moja kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Itafute namba yako ya mtihani wa kidato cha pili. Wengi hukwama hapo, siyo darasani. Ikipotea, shule yako ya zamani inayo kwenye kumbukumbu.

Nawapongeza kwa dhati walimu wa jioni. Mwanafunzi wao hutoka sokoni amechoka, naye mwalimu huanza somo pale alipoishia mwanafunzi, siyo pale ratiba inapotaka. Anza na Kiswahili, Historia na Uraia. Kemia bila maabara ni ngumu.

Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Njoo tujaze fomu pamoja.

Mwalimu wako