Zakanti, Yadati, Ahavti: Kupima Tafsiri ya Vitenzi vya Hali katika Mwanzo 27

Kiebrania cha Biblia kina kundi la vitenzi ambavyo havisemi mtu ametenda nini, bali yuko katika hali gani: kuwa mzee, kuwa mzito, kujaa, kuogopa, kupenda, kujua. Vitenzi hivi vinapokuja katika umbo timilifu, lile ambalo kwa vitenzi vya kutenda kwa kawaida hutafsiriwa kwa -li- au -me-, mara nyingi maana yake ni ya sasa. Hapo ndipo tafsiri nzuri huachana na tafsiri ya kukariri, na sura ya 27 ya Mwanzo, Isaka anapotaka kumbariki Esau, ina mifano ya kutosha kuupima ustadi huo.

Jambo la kwanza ni kukitambua kitenzi. Kitenzi cha kawaida cha kutenda, katika nafsi ya tatu umoja, huwa na irabu a katika silabi zote mbili: katav, aliandika. Vitenzi vingi vya hali hubeba irabu nyingine katika silabi ya pili: zaken, amezeeka, kaved, ni mzito, katon, ni mdogo. Tena, mahali ambapo kitenzi cha kutenda kina umbo la mtendaji, kama kotev, anayeandika, kitenzi cha hali huwa na sifa inayofanana nacho. Zaken ni kitenzi, na zaken hiyohiyo ni sifa au jina, yaani mzee.

Alama hiyo ina mipaka miwili, na wanafunzi wengi hujikwaa hapo. Katika nafsi ya kwanza irabu e hupotea: zaken huwa zakanti, ambalo kwa sikio halitofautiani na umbo la kitenzi cha kutenda. Ni lazima kurudi kwenye nafsi ya tatu ndipo kitenzi kijulikane ni cha aina gani. Mpaka wa pili ni kwamba baadhi ya vitenzi huchukua sura ya vitenzi vya kutenda huku maana yake ikiwa ya hali. Yada, kujua, ni mfano mkuu: kina irabu a mbili na kina umbo la mtendaji, yodea, lakini yadati mara nyingi ni "najua". Kwa hiyo sura ya neno hutoa dokezo, na muktadha ndio unaoamua.

Katika Mwanzo 27:2 Isaka anamwambia Esau mambo mawili kwa vitenzi viwili: zakanti, kisha lo yadati kuhusu siku ya kufa kwake. Vyote viko katika umbo timilifu, na vyote vinaeleza hali yake wakati uleule anaponena. Mfasiri aliyezoea kugeuza kila umbo timilifu kuwa -li- ataandika "nilizeeka", nalo ni kosa la wazi. Msikilizaji wa Kiswahili atangoja kusikia ilikuwa lini, na je, baada ya hapo ikawaje. "Ninazeeka" nalo linakosea kwa upande wa pili, kwa kuwa linaonyesha mtu aliye njiani kuelekea uzee, ilhali aya ya kwanza imeshasema kwamba macho ya Isaka yalikuwa yamefifia hata haoni.

Kiswahili kina kifaa kinachofaa hapa kuliko lugha nyingi zinazotumiwa kufundishia Kiebrania. Kiambishi -me- kwenye vitenzi vya kugeuka hali hutaja badiliko lililokwisha na hali iliyobaki kwa pamoja: amelala, amechoka, imejaa, amezeeka. Mtu akisema "amelala", hasimulii tendo la jana. Anaeleza jinsi mtu alivyo sasa. Zakanti ni "nimezeeka", na hakuna kinachopotea. "Mimi ni mzee" pia ni sahihi, lakini lina udhaifu wake: mzee kwa Kiswahili ni cheo na heshima, na baba akijiita hivyo mbele ya mwanawe anaweza kusikika kama anayekumbusha mamlaka yake. Isaka anazungumzia mwili unaoishiwa nguvu na kifo kilicho karibu. "Nimezeeka" ndilo chaguo bora.

Hata hivyo -me- si ufunguo wa kila mlango. Kwa lo yadati, "sikujua" linadokeza kwamba baadaye alijua, na "sijajua" linadokeza kwamba anangoja kuarifiwa. Linalofaa ni "sijui" tu. Hivyo aya moja inahitaji vifaa viwili tofauti vya Kiswahili kwa umbo moja la Kiebrania. Mfasiri anayedai ulinganifu kwa kuweka kiambishi kilekile kwenye vitenzi vyote viwili ameshika umbo na kuiacha maana.

Kitenzi cha kupenda ndicho kinachotenganisha mfasiri mzuri na aliye bora. Katika aya ya 4 Isaka anaomba chakula kitamu cha namna anayoipenda, na neno ni ahavti. "Kama nilivyopenda" linafanya ladha hiyo iwe ya zamani, kana kwamba hamu imekwisha. "Nimependa" nalo, katika Kiswahili cha kila siku, ni la mtu aliyevutiwa sasa hivi na kitu alichokiona. Linalokaa sawasawa ni "kama nipendavyo", umbo la urejeshi lisilo na wakati, linalotaja mazoea ya maisha yote bila kuyafunga kwenye siku yoyote.

Katika aya ya 9 Rebeka anamwambia Yakobo juu ya chakula kilekile, na neno ni ahev, ambamo ile irabu e ya vitenzi vya hali inaonekana. Baba yu hai na bado anakipenda chakula hicho, kwa hiyo ni "kama apendavyo". Neno hilohilo, ahev, linarudi katika aya ya 14, lakini sasa anayesema ni msimulizi, na masimulizi yako katika wakati uliopita. Hapo "kama alivyokuwa akipenda baba yake" ni salama, kwa maana linahifadhi mazoea ndani ya wakati wa hadithi. "Alivyopenda" pekee laweza kusomwa kama upendeleo wa siku moja. Anayepima tafsiri na asome aya ya 9 na ya 14 kwa kufuatanisha: zikiwa na wakati mmoja, aulize kama mfasiri aliamua hivyo au hakuona.

Uhusiano huohuo uko kati ya aya ya 1 na ya 2. Ya kwanza ina zaken kinywani mwa msimulizi, "alipokuwa amezeeka". Ya pili ina zakanti kinywani mwa Isaka, "nimezeeka". Kitenzi cha hali hakibebi wakati wa sasa ndani yake. Kinabeba hali, na wakati hutoka kwa anayesema.

Kuna mahali ambapo uamuzi ni mgumu kweli. Malaki 1:2 inatumia ahavti kwa upendo wa Mungu kwa Israeli, na hoja inayofuata inarudi nyuma hadi kwa Yakobo na Esau. "Nawapenda" linahifadhi hali iliyopo; "nimewapenda" linafungua mlango wa ushahidi wa matendo yaliyopita, ambao wasikilizaji wanaudai papo hapo. Anayechagua "nimewapenda" hapo ana hoja nzuri, ambayo hana katika Mwanzo 27:4.

Sura inafungwa, katika aya ya 46, na katsti la Rebeka, anapoeleza jinsi maisha yake yalivyomchosha kwa sababu ya binti za Hethi. Kwa hali ya moyo iliyofika ukomo, -me- inarudi kazini: "nimechoka" linaeleweka na kila msomaji, ijapokuwa Kiebrania kina uchungu zaidi, wa kuchukia kitu hata kutotaka kukiona. "Nimekinai" lingekaribia uchungu huo, lakini kwa wasomaji wengine kukinai ni kuridhika, nao wangeelewa kinyume kabisa. "Nimechoshwa na maisha" linabaki na uzito wa kutosha, na linamweka Rebeka katika hali aliyomo wakati anaponena.