Kuibana mada si kupata swali

Miongozo mingi ya kuandika andiko la utafiti ina mchoro uleule wa faneli: juu mada pana, chini mada nyembamba. Unaambiwa uchague nchi, kisha mkoa, kisha wilaya, kisha kundi la watu. Ukifika chini, eti swali limepatikana. Kasoro yake ni moja ila kubwa: faneli inapunguza eneo la kazi, haionyeshi ni kitu gani hakijulikani.

Chukua mtu anayependa masuala ya malaria. Akipita kwenye faneli, anatoka na "Matumizi ya vyandarua kwa wanawake wa Kilombero, Morogoro". Mada imebanwa, lakini swali liko wapi? Ndiyo maana malengo yake huishia kuwa kubaini uelewa, kubaini mtazamo, kubaini changamoto. Hayo ukiyahamishia kwenye vyoo au chanjo yatakaa vilevile. Ukiona hivyo, ujue swali bado.

Afadhali uanze na mambo mawili yanayogongana. Chandarua humkinga mtu akiwa ndani yake. Lakini baadhi ya mbu wa malaria hung'ata nje, tena mapema, watu wakiwa bado wanapika au wanapiga soga. Hapo swali linajitokeza: katika kijiji hiki, ni sehemu gani ya kung'atwa hutokea watu wakiwa nje ya chandarua?

Sasa malengo hayatungwi, yanadaiwa na swali. La kwanza, kupima mbu wanavyong'ata kila saa, ndani na nje. La pili, kurekodi kila saa wakazi wako wapi: nje, ndani, au kwenye chandarua. La tatu, kuunganisha hesabu hizo mbili. Tuseme saa 2 usiku mtu aliyekaa nje angeng'atwa mara 10 kwa saa, na nusu ya wakazi wako nje. Kwa mkazi wa wastani, kung'atwa nje saa hiyo ni mara 5, si 10. Ukipima mbu peke yao, hesabu inakudanganya.

Kipimo ni hiki: futa lengo moja. Kama swali bado linajibika, lengo hilo lilikuwa pambo. "Kutoa elimu kwa jamii" huanguka hapa. Ni shughuli njema, ila haijibu kitu.

Faneli tusiitupe, ila ije baada ya swali. Hapo ndipo muda na nauli vinaamua: kijiji kimoja, msimu wa masika. Na kwa kuwa mbu hubadilika na misimu, jibu la masika lisivutwe hadi kiangazi.

Mwisho, angalia kama majibu tofauti yana matokeo tofauti. Sehemu ya nje ya chandarua ikiwa ndogo, kazi ni kuhimiza vyandarua. Ikiwa kubwa, vyandarua pekee havitoshi. Kwa mada ya "uelewa na changamoto", jibu lolote linaishia kwenye pendekezo lilelile.