Abuelita Hakustahili Kuitwa Kibibi

Kipande cha hospitali katika tamthilia ya Kihispania iliyotiwa sauti ya Kiswahili kimeharibika, na kilichokiharibu ni neno moja. Mliokitazama kwenye mabanda ya video hapa Nyamasaria mnakijua vizuri. Mjukuu anaingia wodini, anapiga magoti kando ya kitanda, anaushika mkono wa mama mzee aliyemlea na kusema, "Abuelita, ya llegué." Mtafsiri akatuwekea, "Kibibi, nimefika." Banda likaangua kicheko mahali palipopaswa kuwa na machozi. Sehemu iliyobaki ya kipande hicho haikuamka tena, kwa sababu watazamaji walikwisha kumwona yule mama kama kichekesho.

Sina ugomvi na sauti ya mtafsiri. Anajua kupumua pamoja na mwigizaji, hamrukii mtu maneno, na wahusika wake hawafanani sauti. Kosa lilianza mezani, kabla hajawasha kinasa sauti. Alitumia hesabu ambayo kila mwanafunzi wa Kihispania hupewa wiki ya kwanza: casa ni nyumba, casita ni kijumba, kwa hiyo -ito na -ita ni udogo. Udogo kwa Kiswahili ni ki-. Abuela ni bibi, basi abuelita ni kibibi. Kila hatua ina mantiki yake, na jibu bado ni baya.

Tuichambue polepole. Neno abuela linaacha a ya mwisho na kupokea -ita. Yule mama kitandani hakupungua kimo wala umri kwa kuitwa hivyo. Kilichobadilika ni umbali kati ya anayeita na anayeitwa. Mjukuu wa Kimeksiko aliyelelewa na bibi yake akimwita abuela pekee, mara nyingi utasikia kama wamekosana, au kama anamzungumzia mbele ya wageni. Ile -ita ndiyo inayomrudisha kwenye mapaja aliyokalia akiwa mtoto. Kipimo chake ni rahisi: uliza kama kitu chenyewe kinaweza kuwa kidogo au kikubwa. Nyumba inaweza, kwa hiyo casita huenda ni udogo kweli, ingawa hata hapo mtu huiita casita nyumba kubwa anayoipenda. Bibi hana saizi. Neno ahora, yaani sasa, halina saizi, na bado Wameksiko wanasema ahorita kutwa nzima. Despacio, yaani polepole, haina saizi, na mwaka 2017 dunia nzima iliimba Despacito ya Luis Fonsi na Daddy Yankee bila mtu kutafuta kitu kidogo ndani yake. Kipimo kikikataa udogo, anza kumsikiliza anayesema na uache kukiangalia kitu.

Sasa tutazame upande wetu, kwa sababu kosa la pili liko huku. Ki- ya Kiswahili ikiwekwa kwa mtu mzima humshusha. Kizee, kijitu: hakuna anayetaka kuitwa hivyo mbele ya wakwe. Najua mtu wa Pwani atanikumbusha kwamba Kibibi ni jina zuri la mwanamke, na kwamba tunasema kipenzi na kisura kwa mapenzi matupu. Ni kweli. Lakini jina Kibibi hupewa mtoto wa kike. Ni namna ya kumwita bibi mdogo, kumtukuza mtoto kwa cheo cha wakubwa. Kipenzi na kisura ni sifa za mtu, hazina ngazi ya ukoo ndani yake. Ukoo wenyewe unatuonyesha ki- inaelekea wapi: tuna kitukuu na kilembwe, walioko chini kabisa ya ngazi. Ki- huteremka na vizazi. Ukiipandisha hadi kwa aliyemzaa mama yako, umemtukana.

Mtafsiri angefanya nini? Kiswahili kina kifaa kilekile anachokitafuta, ila hakikai mwanzoni mwa neno. Ni kimilikishi. "Bibi yangu." Kwa masikio ya hapa, "nyanya yangu." Mjaluo wa Nyamasaria anayemwita nyanya yake dana amekwisha kuuweka umiliki huo ndani ya neno lenyewe, kwa hiyo mtazamaji wetu hahitaji kufundishwa kwamba "wangu" na "yangu" ni maneno ya mapenzi. Kuna faida nyingine ambayo fundi wa sauti angeiona mara moja. A-bue-li-ta ni silabi nne. Bi-bi ya-ngu ni silabi nne. Nya-nya ya-ngu ni nne vilevile. Ki-bi-bi ni tatu, na ukirudia kipande hicho utaona midomo ya yule mjukuu ikiendelea kwenda baada ya sauti kukatika. Jibu sahihi kwa maana lilikuwa sahihi kwa midomo pia, na lote lilikuwa kwenye lugha ya kila siku.

Nimekwisha kuandika juu ya jambo hili, na nitaendelea kuandika hadi lisikike, kwa sababu mfano wake tunao nyumbani. Mwaka 1983 Profesa Anyang' Nyong'o, ambaye tangu 2017 ni gavana wetu wa Kisumu, alikuwa akifundisha Meksiko, na binti yake aliyezaliwa huko akapewa jina Lupita. Wajaluo humpa mtoto jina kutokana na mahali na wakati alipozaliwa, na Meksiko ni nchi ya Bikira wa Guadalupe. Guadalupe hukatwa ikawa Lupe, Lupe ikapokea -ita, ikawa Lupita. Tangu apate Oskari mwaka 2014 nimesikia watangazaji wakitueleza kwamba maana ya Lupita ni "Guadalupe mdogo". Hapana. Lupita ni Guadalupe anayependwa. Mwanamke wa Kimeksiko huzeeka na kuzikwa akiitwa Lupita, na wajukuu wake hawaoni ajabu yoyote. Watu wa Kisumu, wenye jina hilo mlangoni kwao kwa miaka yote hii, hatuna ruhusa ya kushangazwa na abuelita.

Lililoniuma zaidi ni kwamba katika kipande hichohicho, dakika chache baadaye, mtafsiri aliikataa ki- pale ilipohitajika. Mama mmoja tajiri anasimama koridoni, anamkazia macho wakili kijana aliyeleta karatasi za urithi, na kumwambia, "Mire, licenciadito." Sisi tukasikia, "Tazama, wakili wangu mdogo." Hapo ndipo watazamaji walipopotea. Jirani yangu benchini aliuliza kama wawili hao ni mtu na shangazi yake, na swali lake lilikuwa halali kabisa kwa alichosikia.

Licenciado ni cheo. Meksiko humwita hivyo mtu mwenye shahada, hasa mwanasheria, na humwita kwa heshima. Kuning'iniza -ito kwenye cheo cha mtu usiyemjua ni kumvua cheo hicho mbele za watu. Kiambishi kilekile kilichombusu bibi kinamzaba wakili kofi. Mtafsiri anawezaje kutofautisha? Ishara iko kwenye neno la kwanza. Mama tajiri hakusema mira, ambayo humwendea mtu wa karibu. Alisema mire, ya mtu unayemweka mbali kwa adabu. Mapenzi ya -ito yanahitaji ukaribu. Palipo na umbali wa mire, na cheo kimepunguzwa, na hakuna ombi linalofuata, kilichobaki ni dharau. Hapa sasa ki- yetu ingefanya kazi yake: "Tazama, kiwakili." Hesabu tena. Mi-re li-cen-cia-di-to ni silabi saba. Ta-za-ma ki-wa-ki-li ni saba. Banda lingeguna kwa hasira, na hasira ile ndiyo mwandishi wa tamthilia aliyoitaka.

Nimesema "hakuna ombi linalofuata" kwa sababu iko kazi ya tatu ya -ito, ya kulainisha, na hii mtafsiri ameifanya vizuri. Muuguzi aliyeomba favorcito akapewa "naomba unisaidie kidogo", cafecito ikawa "karibu kahawa", na ahorita vengo ikawa "nakuja sasa hivi", ile sasa hivi yetu inayoweza kuchukua saa nzima, kama ahorita ya Meksiko. Hapo hana deni.

Lakini mtu anayeweza kusikia ulaini wa favorcito alishindwaje kusikia mapenzi ya abuelita? Naamini ni kwa sababu alitafsiri akiangalia orodha ya maneno na hakuiangalia picha. Wakongwe hawakufanya hivyo. Derek Mukandala wa Tanzania, tuliyemjua kama Lufufu, alijiweka kati ya sinema na watazamaji kama msimulizi. Alitueleza nani ni nani kwa nani, kisha ndipo akamtia mtu maneno mdomoni. DJ Afro wetu wa hapa Kenya huwapa wahusika majina na utani wa nyumbani, na hata anapoliacha neno la asili mbali kabisa, huwezi kukosea nani anampenda nani na nani anamdharau nani. Vijana wa sasa wanazo mashine bora na sauti safi zaidi. Ule uhusiano wa wahusika, ambao wakongwe waliuweka mbele ya kila kitu, wao wanauacha nyuma.

Lawama nyingine naiweka kwa tamthilia zilizotufikia kwa sauti za Kiingereza tangu miaka ya 1990. Kiingereza hakina kiambishi kinachofanya kazi zote hizi, kwa hiyo watafsiri wake waliving'oa viambishi hivyo karibu vyote, wakaacha señorita tu, ambayo ndiyo -ita iliyokwisha kukauka na kuwa jina la kawaida la msichana asiyeolewa. Kizazi kizima hapa kilijifunza Kihispania cha runinga bila kuisikia -ita ikiwa hai. Kiswahili kina njia nyingi zaidi: kina kimilikishi kwa mapenzi, kina "kidogo" na "hebu" kwa kulainisha, kina ki- kwa dharau. Ukija upande wa Kakamega au ukavuka hadi Kivu na Lubumbashi, utaikuta pia ka- ya katoto, ambayo kwa mtoto hubeba mapenzi bila tatizo. Vifaa vinne kwa kiambishi kimoja. Kazi ni kuchagua, na uchaguzi unafanywa kwa kumtazama anayesema na anayeambiwa.

Sehemu zinazofuata za tamthilia hii zina bibi huyohuyo na wakili huyohuyo, kwa hiyo makosa haya mawili yatarudi kila jioni yasiporekebishwa. Marekebisho ni mistari miwili: "Bibi yangu, nimefika," na "Tazama, kiwakili." Mtafsiri airekodi upya kabla nakala haijasambazwa Kondele na Ahero, kisha aipitie -ito na -ita iliyobaki moja baada ya nyingine, akiuliza kila mara kama mtu huyu anapenda, anaomba, au anadharau. Saizi aiulize mwisho.